Maneno Yaliyokaa Juu ya Shairi

Mwalimu alikuwa na adabu zake za kusoma shairi. Ukizikosea hakupiga wala hakufoka, alisema tu, "Umeingilia dirishani. Toka nje, upite mlangoni." Mlango, kwa maana yake, ni yale maneno machache yanayokaa chini ya jina la shairi, kabla ya ubeti wa kwanza, yanayosema shairi hili ni la nani, au yanayotanguliza kauli ya mtu mwingine ili msomaji aisikie kwanza. Sisi watoto tulikuwa tunayaruka. Tuliyaona kama stempu kwenye bahasha, kitu cha posta kisichomhusu msomaji.

Sasa siyaruki tena. Nimeona maneno mawili ya namna hiyo yakimweka mwanamke ndani ya nyumba miezi mingi kuliko alivyopaswa kukaa. Mwanamke huyo ni Dada Mwanaidi, mkwe wa Mwalimu, jirani yetu hapa Ufukoni, Mtwara. Naandika haya nikiwa likizo. Mama ananiona nimeinama na kalamu, anadhani nafanya hesabu za shule, nami namwacha adhani hivyo. Mimi ni mtu wa haya sana. Watu wakinisalimia njiani huitikia nikiwa nimeweka kiganja mdomoni. Lakini nikiandika sioni haya.

Mwalimu alinifundisha kabla sijapelekwa shule ya bweni. Siku moja aliandika ubeti ubaoni na juu yake akatundika kitambaa cha kufutia ubao, kati ya misumari miwili. Nusu ya darasa alituambia tusubiri barazani. Waliobaki aliwafunulia, wakasoma, wakaandika kwenye vibao vyao ubeti ule unahusu nini. Kisha wao wakatoka, sisi tukaingia, kitambaa kikafunuliwa tena, safari hii upande wa pili. Ubeti ulihusu mkorosho: unampa mtu kivuli, unampa tunda, lakini ukiuma ganda la korosho yake kwa pupa, unakuunguza midomo. Ndiyo yote. Sisi tuliandika kuhusu mama, jinsi anavyokupenda na jinsi anavyokuchapa, maana juu ya ubeti tulikuta, "Kwa mama yangu." Wenzetu walikuwa wameandika mambo ya kodi. Mmoja alikuwa amethubutu kuandika kwamba kivuli cha serikali kina joto. Hao walifunuliwa, "Kwa Bwana Mkubwa wa bomani."

Tuliposomeana majibu tukacheka, kila upande ukauona mwingine mjinga. Mwalimu alingoja tumalize.

"Mkorosho haukubadilika hata jani moja," akasema. "Mliobadilika ni ninyi. Na hakuna aliyehisi anabadilishwa."

Akaeleza kwamba neno la juu linafanya kazi yake wakati msomaji bado hajajihami. Mtu akianza ubeti anakuwa macho, anatafuta vina, anahesabu mizani, anabishana na mtunzi. Lakini lile la juu analipita kama anayepita kizingiti, na tayari limekwisha kumwambia aangalie upande gani. Baadaye anadhani ameona kwa macho yake mwenyewe. Alipokwisha kusema hayo alifuta kwa haraka lile la bomani, akachungulia dirishani kama kuna mtu. Ndivyo alivyokuwa. Jasiri kwa chaki, mwoga kwa wino.

Alikuwa na mambo mengi ya kugongana namna hiyo. Alitukataza kabisa kuwacheka wenzetu waliotoka mashambani na Kiswahili chenye Kimakonde ndani yake, akasema lugha ni ya anayeihitaji. Lakini yeye mwenyewe akikasirika alihesabu kwa Kimakonde, polepole, mpaka hasira ishuke, na hapo ndipo tulipocheka. Alitembea mchangani viatu viko mkononi ili visichakae, kisha akavivaa kuingia nyumbani kwake. Muhogo wa kuchemsha aliula na pilipili hadi machozi yakamtoka, na ukimpa pole alisema analia kwa sababu nyingine.

Maneno ya juu aliyagawa mafungu mawili. Fungu moja aliliita ya kupewa, yaani yanayomtaja anayezawadiwa shairi. La pili aliliita ya kuazima, yaani kauli iliyotoka kinywani mwa mtu mwingine ikawekwa pale mbele. Ya kupewa, alisema, yanamweka mtu kitini: tangu hapo kila "wewe" ndani ya shairi ni yule aliyekaa pale. Ya kuazima yanaweka sauti chumbani: unasoma beti huku ukisikia kuna mtu mwingine alishasema jambo, na unangoja shairi limjibu. Kwa hiyo la kuazima lisiwe kauli iliyokamilika. Liwe na uzi mmoja haujafungwa. Na lisielezwe. Ukilieleza limekufa.

Jambo jingine alilotuonyesha ni kwamba mwenye kughani haimbi maneno ya juu. Anakohoa kidogo, anaanza ubeti. Basi shairi likifika kwenye kadamnasi limepoteza mwenyewe, na kila msikilizaji anakalisha wake kitini. Ni kwenye karatasi tu, kwenye gazeti au kitabu, ndiko neno la juu linapodumu. Ndiyo maana alipenda kuona mashairi yake gazetini. Alisema huko ndiko shairi lake linakwenda limevaa.

Nguvu hiyo aliijua, na wakati mwingine aliichezea. Mfanyabiashara mmoja wa Magomeni ya hapa mjini alimsumbua kwa muda mrefu amtungie shairi, jina lake liandikwe juu, watu wamjue. Mwalimu akamtungia beti nzuri mno za kusifu maji: ubaridi wake, utamu wake, namna yasivyomchagua mnywaji. Hapakuwa na neno baya hata moja. Juu akaandika jina la bwana yule na kuongeza, "mwenye kisima." Mji mzima ulijua kwamba kisima cha bwana yule kilikuwa kimetiwa kufuli tangu kiangazi kilichopita. Watu walisoma zile sifa wakishika mbavu. Yule bwana mwanzoni alifurahi, akatembea na gazeti kwapani, mpaka mkewe alipomwuliza kwa nini watu wanamsalimia kwa kumwomba maji.

Nilikuwa nimekaa upenuni kwetu siku Mwalimu alipomsimulia Baba kisa hicho. Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akasema neno la juu ni chombo kibaya mkononi mwa mtu mwenye chuki, kwa sababu huachi alama ya kidole. Baba akamwambia mbona wewe ndiye uliyelitumia. Mwalimu akajibu kwamba ndiyo maana anajua.

Sasa nafika kwa mwanawe.

Alikuwa mtoto wake wa pekee, na mama yake alishafariki. Alifanya kazi za bandari wakati ule kila mtu alipokuwa anazungumza mradi wa karanga na reli, na Mtwara ilikuwa imejaa malori. Mambo ya karanga yalipoanguka, kazi zikapunguzwa, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Akaenda Mahurunga, akavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno kutafuta kibarua. Alimwacha mkewe, Dada Mwanaidi, kwa baba yake. Hakuandika. Mwaka ukapita, na mwingine, na wa tatu ukaanza. Mtu mmoja wa Mahurunga alisema amemwona akiwa hai, lakini alipoulizwa alikuwa na kovu upande gani akasema hakumwona kwa karibu.

Dada Mwanaidi ni mtu wa Mikindani. Anacheka kwa pua. Alinifundisha kusuka ukili, na ndiye mtu mzima wa kwanza kuniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote. Kaka yake alikuwa anakuja kila baada ya muda kutaka arudishwe nyumbani, ndoa ivunjwe mbele ya kadhi kwa kuwa mume hajulikani aliko wala haleti matumizi. Kulikuwa na mtu mwema Mikindani, fundi wa kuezeka, aliyekuwa tayari kumwoa. Dada Mwanaidi hakuwa na la kusema mbele ya wakubwa. Lakini siku moja, wakati anaanua nguo uani kwao, nami nimekuja kuomba moto, alisema, si kwangu hasa, alisema kama anayeongea na kamba ya nguo: "Nguo zake nimezifua tena. Sijui nizikunje, au nizitoe."

Mwalimu alikuwa jikoni anajimiminia uji. Sikumwona. Lakini alisikia.

Baada ya wiki kadhaa shairi likatoka gazetini. Fundi cherehani wa hapa kwetu ndiye aliyekuwa anawasomea watu gazeti kwa sauti, mguu wake ukiwa umetulia juu ya mashine. Jina la shairi lilikuwa "Nyumbani." Chini yake: "Kwa mwanangu aliye safarini." Na chini ya hilo, katika alama za kunukulia: "Nguo zake nimezifua tena. Sijui nizikunje, au nizitoe." Kisha beti. Wa kwanza ulikuwa huu:

Taa yako sijazima, mlango sijaufunga,
Kitanda chako kizima, kamba zake naziunga,
Chakula ninakipima, sahani mbili napanga,
Uliko kaa salama, moyoni sijakutenga.

Nadhani ndilo shairi zuri kuliko yote aliyotunga. Na nadhani najua alichotaka. Alitaka mlango wa mbao mbili: mmoja wa tumaini, mmoja wa shaka, na msomaji apite katikati. Tatizo ni kwamba watu hawakupita katikati. Kila mmoja alisukuma ubao wake.

Wanaume pale kwa fundi walishika la kupewa. Kwao yule kijana yuko safarini, baba mtu anajua, pengine amepata barua. Taa imewashwa kwa kuwa mtu anakuja. Kamba za kitanda zinaungwa kwa kuwa kitalaliwa. Wanawake walishika la kuazima. Huku kwetu nguo za mtu hazitolewi akiwa hai. Zinatolewa sadaka akishazikwa. Kwa hiyo kwao taa ikawa ya matanga, sahani ya pili ikawa ya sadaka, na "kaa salama" ikawa maneno ya kumwambia aliye kaburini. Na aliyeyasema wakamjua mara moja, kwani ni nani mwingine anayefua nguo za mtu yule?

Dada Mwanaidi alikwenda kisimani akakuta wenzake wamenyamaza. Halafu mmoja akasema kwa sauti ya kumwambia mwingine kwamba siku hizi kuna watu wanawazika waume zao kwa sabuni. Alirudi na ndoo haijajaa. Mama alijaribu kumtuliza, akamwambia watazoea. Alijibu kwamba watazoea, ndiyo, lakini yeye ndiye hajazoea kusikia maneno yake yakisomwa na fundi cherehani.

Kaka yake alikuja na lile gazeti, wakaenda wote kwa kadhi. Mama alifuatana na Dada Mwanaidi asiwe peke yake kati ya wanaume, na ndiye aliyenisimulia. Kaka alimnyoshea kadhi gazeti akiwa ameshika pale juu, dole gumba limefunika "aliye safarini." Akaomba kadhi asome kuanzia nguo. Akasema: baba wa mume mwenyewe amechapisha kwamba nguo zinangoja kutolewa, tunasubiri nini tena?

Kadhi ni mzee mtulivu. Akasema, "Toa kidole, kijana."

Kidole kikaondoka. Mama anasema Mwalimu alikitazama kidole kile kuliko alivyomtazama mtu yeyote mle ndani. Nami nilipoambiwa nilikumbuka kitambaa na misumari miwili.

Kadhi alisoma, akasema shairi si ushahidi na yeye hatahukumu kwa vina. Lakini upande wa mume una mtu mmoja tu, na mtu huyo yuko hapa. "Mwalimu, hapa juu umeweka maneno mawili na hayapatani. Wewe mwenyewe umesimama kwenye lipi? Una habari ya mwanao, au huna?"

 Mwalimu akasema amesimama kwenye la kwanza. Yuko safarini. Kuna mtu wa Mahurunga aliyemwona.

Kadhi akamgeukia Dada Mwanaidi, akamwuliza kama hayo ya pili ni maneno yake.

"Nilisema uani," akajibu. "Sikusema gazetini."

 Kadhi akasema kama kuna aliyeonekana basi apelekwe mtu kuulizia, shauri lingoje. Fundi wa kuezeka wa Mikindani naye akaambiwa angoje, kama anaweza.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa mbaya kuingia. Dada Mwanaidi alipika, alifagia, alimwandalia Mwalimu maji ya kuoga, kila kitu kama zamani, ila hakusema lolote mahali ambapo Mwalimu angeweza kusikia. Si kwa kununa. Alikuwa anaficha maneno kama mtu anavyoficha mayai kwa jirani anayeazima sana. Akitaka kunena nami alinivuta mpaka nyuma ya choo. Mwalimu naye alikuwa anakuja kwetu kukaa tu. Aliwahi kumwambia Baba kwamba nyumba imekuwa na ukimya wenye mizani. Baba hakuelewa. Mimi nilielewa na sikupenda. Nilifikiri: hata sasa bado anatunga.

Nilirudi shule. Huko mwalimu wa Kiingereza akituambia tufungue shairi, wenzangu wakirukia ubeti, mimi nabaki juu natafuta nani amekalishwa kitini na kama aliulizwa.

Likizo hii nilipofika, habari ilikuwa kwamba mtu aliyepelekwa ng'ambo amerudi. Yule wa Mahurunga alimwona mtu mwingine kabisa, mwenye jina linalofanana. Mwana wa Mwalimu hakuna anayemjua, si hai si maiti. Kadhi alikuwa anangoja Mwalimu aende akaseme hivyo kwa mdomo wake, na Mwalimu hakuwa ameenda. Siku zilikuwa zinapita. Dada Mwanaidi amekonda.

Nilitumwa na Mama kumpelekea Mwalimu kisamvu. Nilimkuta amekaa chini uani, mbele yake kitanda cha kamba kimelazwa ubavu, anavuta kamba mpya na kuipitisha. Kilikuwa kitanda cha Dada Mwanaidi, alichokuja nacho arusini. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, keti. Dada Mwanaidi alikuwa ndani. Nilisikia anapembua mchele, kisha ungo ukanyamaza.

Mwalimu alitoa mfukoni kipande cha karatasi, akanipa. Ni ubeti ule ule, kwa mwandiko wake, na juu yake hakuna kitu. Hakuna la kupewa wala la kuazima. Akaniambia nisome, nimweleze unasema nini.

Nikasoma. Kwanza nilimsikia mwanawe kwa mazoea. Nikarudia, kitini hakuna mtu, nikaona ni mtu anayezungumza peke yake ndani ya nyumba, anataja vitu vyake kimoja kimoja. Mkono wangu ulikuwa unapanda kwenda mdomoni. Nikaushusha.

"Unasema uongo, Mwalimu."

"Wapi?"

"Pale mlango. Umeufunga."

Alivuta kamba mpaka ikalia. Nilidhani atahesabu Kimakonde. Hakuhesabu. Akasema, "Mstari wa kwanza kabisa. Na hakuna mhariri aliyeuona." Halafu akaniuliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo, mimi huwa nayo daima. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kamba, akaniambia niandike mimi, juu, herufi za wazi. Akainua sauti, kama darasani, isikike hadi ndani:

"Kwa mkwe wangu, akiridhia, bila kutajwa jina. Aende na radhi yangu."

Niliandika. Akaniambia nisome tena, nipite mlangoni. Nikasoma kwa sauti, mimi ambaye darasani sikuwahi kusoma kwa sauti. Taa haikuwa tena ya kumngoja mtu. Ilikuwa ya kumwangazia anayetoka. Mlango haukufungwa, kwa hiyo apite. Kitanda kizima, kamba zinaungwa, kwa kuwa kinabebwa. Sahani mbili ni kwa siku atakayokuja kututembelea. Uliko kaa salama. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa, na kila neno lilikuwa limegeuka likatazama barabara ya Mikindani.

Ndani ungo haukulia.

"Gazetini?" nikauliza.

"Hapana. Hili linakwenda na kitanda."

Asubuhi yake alivaa viatu tangu mlangoni kwake, akaenda kwa kadhi kusema kwamba hana habari ya mwanawe, hai wala maiti, na hajui ataipata lini. Kadhi aliivunja ndoa. Mwalimu aliporudi alipita kwetu bila kuingia.

Siku ya kuondoka, kaka yake Dada Mwanaidi na wenzake walikuja kukichukua kitanda. Kaka alikuwa na haya, hakujua amwamkie Mwalimu vipi, akakisifu kitanda kwa maneno mengi. Mwalimu akamwambia asikisifu, akibebe. Ile karatasi Dada Mwanaidi alikuwa ameifunga pembeni ya kanga yake.

Walipokwisha kutoka nje yeye alibaki nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama ukumbini, anatazama pale kitanda kilipokuwa. Dada Mwanaidi alijisogeza mpaka mahali ambapo lazima angemsikia.

"Baba," akasema. "Zile nguo nimezikunja. Ziko sandukuni."

Nilimtazama Mwalimu midomo, kwa kuwa najua huwa inachezacheza akisikia neno la kuazima. Haikucheza. Aliitikia kwa kichwa, akaufungua mlango hadi mwisho, akaushikilia mpaka amepita.

Neno hilo yeye hakuliandika. Nimeliandika mimi, na nilimkimbilia Dada Mwanaidi barabarani kumwomba ruhusa kwanza. Akacheka kwa pua, akasema, "Liandike. Lakini lisikae juu. Liweke mwisho."